Kosa la nahodha, kauli ya tajiri: bima ya boti inavyolipa na inavyokataa

Mtu akiniambia pale dikoni kwamba boti yake ina bima, huwa namuuliza: bima ya nini? Wengi hawajui. Karatasi walipewa benki siku ya kuchukua mkopo wa boti ya faiba, wakatia sahihi pale walipoonyeshwa kwa kidole, na tangu hapo iko ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Inashushwa siku boti imepanda mwamba. Wakati huo ndipo inasomwa kwa mara ya kwanza, tena kwa msaada wa kijana wa jirani anayejua Kiingereza.

Benki ilipodai bima ilikuwa na hofu moja tu: mkopo usizame pamoja na boti. Kwa hiyo bima inayopatikana kwa njia hiyo huwa ni ya chombo chenyewe, na jina la benki limeandikwa ndani kama mlipwaji wa kwanza. Boti ikipotea kabisa, fidia inakwenda kumaliza deni, na kilichosalia ndicho kinachomfikia tajiri, yaani mwenye boti. Mvuvi mwingine aliyegongwa na boti hiyo hayumo katika hesabu. Mabaharia waliokuwa ndani yake pengine nao hawamo.

Bima ya chombo inalinda mali yako: bodi, injini, usukani, nanga, redio na vingine vilivyoorodheshwa. Bima ya dhima inalinda mfuko wako dhidi ya watu utakaowadhuru: chombo cha mwenzako, gati uliyoigonga, mtu aliyeumia. Ni mikataba miwili hata kama imechapwa kwenye kijitabu kimoja, na kila mmoja una ada yake, kikomo chake na orodha yake ya yasiyolipwa. Tofauti inaonekana vizuri ajali moja inapogusa yote mawili, basi tuifuate moja. Ni ya mfano, na tarakimu zake nimezitunga ili hesabu iende vizuri.

Boti ya faiba ya mita 11, injini mbili za kupachika, tajiri wake anakaa Bagamoyo. Imekatiwa bima ya chombo kwa shilingi milioni 60, na eksesi, yaani kile kipande cha kwanza cha hasara anachokibeba tajiri mwenyewe, ni milioni 1.5. Ni Julai, kusi limeshika. Alfajiri boti inarudi na dagaa, nahodha ana haraka ya kuwahi mnada. Mbele yake kuna mashua imetia nanga bila taa. Anaiona dakika ya mwisho, anaigonga ubavuni, na katika kuikwepa anaingia majabalini. Boti inapanda mwamba, bodi inapasuka chini, na injini ya kulia inang'oka na kuzama. Kwenye mashua, mvuvi mmoja amevunjika mkono. Kwenye boti yetu, kijana mmoja ameumia mgongo.

Bodi ndiyo rahisi kuliko vyote. Kuitengeneza ni milioni 14. Hii ni bima ya chombo moja kwa moja, kwa hiyo ukitoa eksesi tajiri anapata milioni 12.5. Ila kuna mtego mmoja. Kama mkataba ni wa thamani iliyokubaliwa, yaani pande mbili zilikaa zikaandika kwamba boti hii ni ya milioni 60, basi ndiyo thamani yake na hakuna anayeifungua tena. Kama si hivyo, na mtathmini akakuta kwamba boti ilikuwa na thamani ya milioni 80, tajiri atahesabiwa kuwa alijikatia bima mwenyewe kwa ile robo aliyoiacha nje. Milioni 14 itageuka milioni 10.5 kabla hata eksesi haijatolewa. Watu hupunguza thamani ili ada iwe ndogo, wakidhani wataumia boti ikizama tu. Wanaumia kwenye kila mpasuko.

Injini ndipo ubishi unapoanza. Masharti mengi ya boti ndogo yanafuata yale yaliyoandikwa London kwa ajili ya boti za starehe, na humo injini ya kupachika iliyodondoka au kuangukia majini imeondolewa waziwazi. Sababu yake inaeleweka: injini nyingi hupotea kwa sababu skrubu zililegea kwa mtikisiko na hakuna aliyeziangalia. Tajiri wetu atasema hii haikudondoka, imeng'olewa na mwamba. Mtathmini akija ataangalia shetri kabla ya kusikiliza hadithi. Kama ubao wa kupachikia injini umepasuka na bolti zimepinda au kukatika, tajiri ana la kusema, ingawa kampuni yenye maneno makali bado inaweza kukataa. Kama ubao ni mzima na umebaki na michubuko ya skrubu iliyoteleza, mazungumzo yameisha. Usikubali kukata bima ya boti ya injini za kupachika bila kuuliza kifungu hiki kinasemaje, kwa kuwa katika boti nyingi za uvuvi injini ndiyo nusu ya mali.

Sasa mashua ya wenzetu. Matengenezo yake ni milioni 6. Akili ya kawaida inasema hiyo ni dhima, kwa hiyo ni bima ya dhima. Lakini kwa desturi ya zamani ya London, bima ya chombo hubeba robo tatu ya dhima ya kugongana na chombo kingine, na robo iliyobaki huachiwa bima ya dhima. Walifanya hivyo ili mwenye meli abaki na maumivu kidogo na awe mwangalifu, kisha wenye meli wakaanzisha vyama vyao vya kuibeba robo ile, na maumivu yenyewe yakapotea. Desturi imebaki. Kwa mkataba wa namna hiyo, milioni 4.5 inatoka bima ya chombo na milioni 1.5 bima ya dhima. Kuna mikataba ya boti za uvuvi inayobeba robo zote nne, na kuna mikataba ya bei rahisi isiyobeba hata robo. Tafuta neno la kugongana katika karatasi yako uone umepewa ngapi.

Mkono wa mvuvi haumo katika kifungu hicho. Hata bima ya chombo inayolipa mgongano hulipa mali iliyogongwa tu. Mwili wa mtu, ukiwa umeumia au umekufa, unabaki kwenye dhima. Tajiri mwenye bima ya benki peke yake anaulipa mkono huo kutoka mfukoni.

Na kabla ya yote hayo, dhima yenyewe lazima iwepo. Mashua ilitia nanga gizani bila taa, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yake, na bima italipa kile tu ambacho sheria inakudai. Hapa ndipo watu wazuri wanapojiharibia. Wazee wa diko wanakutana mchana uleule, tajiri anaona aibu, anasema "nitawatengenezea mashua yote na hospitali juu yangu," watu wanashikana mikono. Kampuni ya bima haikuwepo na haikukubali. Mikataba karibu yote inakataza kukiri au kuahidi malipo bila ruhusa ya maandishi. Mpeleke majeruhi hospitali, hilo halina kungoja, lakini habari ya nani atalipa nini isemwe baada ya kampuni kupata taarifa.

Kijana wetu wa mgongo ndiye mwenye kesi ngumu kuliko wote, ingawa hana mtu wa kumsemea. Bima ya dhima kwa wengine haimhesabu baharia wako kuwa mmoja wa hao wengine. Yeye anatakiwa kulindwa na utaratibu wa fidia ya wafanyakazi, ambao Tanzania Bara uko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Kenya uko chini ya sheria ya 2007 ya madhara ya kazini. Lakini yeye halipwi mshahara. Pato linagawanywa kwa sehemu, ya chombo, ya nyavu, ya watu, na tajiri atasema huyu ni mshirika, si mfanyakazi. Msimamo huo unamwacha kijana mikono mitupu. Njia iliyo wazi ni kuomba kifungu cha mabaharia kiongezwe kwenye bima ya dhima, kwa idadi ya watu, na kutaja humo kwamba wanalipwa kwa sehemu. Ongezeko la ada lipo, na ni pesa ambayo matajiri wengi huiona nyingi mpaka siku ya msiba.

Hayo yote ni kama kampuni imekubali kwamba mkataba unasimama. Sasa tuje kwenye sababu mbili zinazotumika zaidi kuukataa: nahodha hakuwa na cheti, na hali ya hewa haikuruhusu.

Nianze na hali ya hewa, maana inawachanganya watu kwa namna ya ajabu. Bima ya bahari ilizaliwa kwa sababu ya dhoruba. Kampuni isiyolipa hasara ya dhoruba inauza nini? Kwa hiyo mtu akikuambia "bima hailipi hali mbaya ya hewa," amekosea au amekuuzia karatasi tupu. Sheria ya Uingereza ya bima ya bahari ya 1906, ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 390, inaifuata kwa karibu sana, inasema hatari za bahari ni ajali na misiba ya bahari, na inaongeza kwamba kazi ya kawaida ya upepo na mawimbi haimo. Maana yake ni kwamba kusi la kila siku linalolegeza kalafati na kula mbao taratibu halilipwi, ni uchakavu. Wimbi lililokupindua linalipwa.

Ndiyo maana chombo kinachozama bahari ikiwa shwari kina shida kubwa kuliko kinachozama katika tufani. Kuna meli iliyoitwa Popi M, ilizama Mediterania mwaka 1976 mchana mweupe, bahari imetulia. Maji yaliingia kupitia tundu ubavuni. Wenye meli walikosa maelezo mengine, wakadai kwamba imegongwa na nyambizi iliyokuwa ikipita chini ya maji. Jaji wa kwanza aliona madai hayo hayaaminiki sana, lakini maelezo mengine hayaaminiki zaidi, akawapa ushindi. Mwaka 1985 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikapindua: mdai ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ajali ya bahari ilitokea, na hadithi isiyoaminika haigeuki ushahidi kwa sababu tu nyingine zote zimeondolewa. Tajiri wa mashua ya mbao anayekuta chombo chake kimezama pale kilipotia nanga, hakuna upepo, yuko katika nafasi ileile. Kampuni itasema ni kalafati iliyooza au wadudu waliotoboa mbao, na yote mawili hayalipwi. Risiti ya fundi aliyetia kalafati miezi mitatu iliyopita ina thamani kubwa hapo.

Kinachokatazwa na vifungu vya hali ya hewa, basi, ni mwenendo wa watu. Na vinaandikwa kwa namna tofauti. Vingine vinataja kipimo cha upepo au urefu wa mawimbi ambao ukipita, chombo hakitoki. Vingine vinasema chombo kisitoke pale mamlaka inapokuwa imezuia safari. Vingine vinasema tu kwamba mwenye chombo achukue tahadhari za mtu mwenye busara. Cha kwanza kinapimika, cha pili kinathibitishika, cha tatu kinabishaniwa hadi watu wachoke.

Kwa upande wa Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa mikoa ya pwani pamoja na Unguja na Pemba ni kitu cha kawaida kabisa wakati wa kusi. Wavuvi wakibaki nyumbani kila angalizo linapotoka, hakuna atakayekula samaki kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa sababu hiyo, angalizo peke yake si katazo, na kampuni inayolitumia kukataa madai inapaswa kuonyesha kifungu kinachosema hivyo. Tofauti na hapo ni kama ilivyokuwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia Mafia na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Anayetoka wakati safari zimezuiwa na mamlaka ana tatizo lililo pana kuliko kifungu cha hewa: sheria ya bima ya bahari inahesabu kwamba umeahidi, hata kama haikuandikwa, kuwa safari yako ni halali na itaendeshwa kihalali kadiri uwezo wako wa kuisimamia unavyofika.

Jambo la kuangalia sana ni saa. Vifungu vingi vinahusu kutoka, si kukutwa. Boti iliyoondoka saa kumi jioni kukiwa na angalizo tu, kisha hewa ikachafuka usiku, haikuvunja sharti la kutotoka katika upepo wa kiwango fulani. Lakini utathibitishaje saa ya kutoka? Daftari la BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, likiwa limeandikwa vizuri ni ushahidi, muuzaji wa barafu aliyekukatia risiti ni ushahidi, mstari wa safari kwenye kifaa cha GPS ni ushahidi. Picha ya simu ya taarifa ya hewa uliyoisoma kabla ya kutoka nayo ni ushahidi, kwa kuwa taarifa hubadilishwa na ile uliyoiona wewe huenda isipatikane kesho.

Sasa cheti. Mkanganyiko wa kwanza ni wa karatasi zenyewe. Leseni ya uvuvi inakupa ruhusa ya kuvua. Haisemi lolote kuhusu uwezo wako wa kuongoza chombo. Usajili na ukaguzi wa usalama ni jambo lingine, lililo chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, kwa Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na Mamlaka ya Bahari, KMA, kwa Kenya. Cheti cha nahodha ni jambo la tatu. Nimeona tajiri akitoa leseni ya uvuvi iliyolipiwa hadi Desemba kama jibu la swali la "nahodha wako ana cheti?" Alikuwa mkweli kabisa, na alikuwa anajibu swali lisiloulizwa.

Mkanganyiko wa pili ni wa maana. Nahodha mzembe si sawa na nahodha asiyestahili. Uzembe hulipwa. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini sheria ileile ya 1906 inasema wazi kwamba hasara iliyosababishwa na hatari iliyokatiwa bima inalipwa hata kama isingetokea bila uzembe au utovu wa nahodha au mabaharia. Nahodha wetu kukosa kuiona mashua, kukata usukani vibaya, kuingia majabalini, yote ni makosa yanayolipwa. Bima ingekuwa haina maana kama ingelipa makosa ya bahari peke yake na kuacha ya binadamu.

Nahodha asiyestahili ni suala la chombo kutofaa kwenda baharini, kwa maana kufaa kwa chombo ni pamoja na watu wanaokiendesha. Katika bima ya muda, ambayo ndiyo ya boti nyingi kwa kuwa hukatwa kwa mwaka, sheria haimnyimi tajiri malipo kwa sababu tu chombo hakikufaa. Inamnyima pale ambapo alikituma baharini akijua kwamba hakifai, na hasara ikatokana na kutofaa huko. Mambo mawili, na yote lazima yawepo: kujua, na uhusiano na hasara.

Kujua kunafika wapi? Meli ya Star Sea iliungua moto mwaka 1990. Nahodha wake hakujua vizuri namna ya kutumia mitungi ya gesi ya kuzimia moto, akachelewa, na meli ikaharibika kupita kiasi. Kampuni za bima zilisema wenye meli walifumba macho wasione udhaifu wa nahodha wao. Mwaka 2001 mahakama ya juu ya Uingereza ikaamua kwamba kufumba macho ni kuwa na shaka na kuamua kwa makusudi usiulize kwa sababu unaogopa jibu. Kutofikiri kabisa, hata kama ni uzembe mkubwa, si kujua. Wenye meli walilipwa.

Kwa hiyo tajiri aliye Dar es Salaam ambaye nahodha wake alimwachia usukani mdogo wake bila kumwambia bosi, yuko mahali pazuri. Tajiri aliyeambiwa kwa simu, "bosi, fulani anaumwa, nimpe mdogo wake?" akajibu "we mpe tu, samaki hawasubiri," amejiweka ndani yeye mwenyewe. Simu zina kumbukumbu, na mabaharia watano waliosikia mazungumzo wakiwa wamegombana naye habari ya sehemu watayasema yote.

Ila hayo ni ya sheria ya jumla, na mkataba unaweza kuwa mkali kuliko sheria. Ukikuta umeandikwa kwa mfumo wa ahadi, "inaahidiwa kwamba chombo kitaongozwa wakati wote na mtu mwenye cheti halali," umeingia eneo jingine. Kwa sheria ya 1906, na kwa sheria ya Kenya iliyoifuata, ahadi ya namna hiyo hutimizwa barabara au bima inakatika tangu siku ilipovunjwa. Haijalishi kama ulijua. Haijalishi kama cheti kilichokwisha muda kilihusika na ajali. Cheti kilikwisha Machi, radi imechoma boti Julai, na bado kampuni inaweza kusema bima haipo tena.

Waingereza wenyewe waliona kwamba huu ni ukatili. Sheria yao ya bima ya 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, inasema bima inasimama kwa muda ahadi inapokuwa imevunjwa na inarudi ikirekebishwa, tena kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti ambalo kuvunjwa kwake kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Hili linamhusu mvuvi wa Bagamoyo kwa njia ambayo haitazamii: vifungu vya London vilivyoambatishwa kwenye mikataba mingi ya hapa huanza kwa mstari unaosema bima hii inafuata sheria na desturi ya Uingereza. Mwenye mstari huo ana hoja ambayo jirani yake asiye nao hana. Ukurasa wa kwanza wa viambatisho, juu kabisa, ndipo unapokaa.

Turudi kwa boti yetu, na tuipitishe katika hali tatu.

Nahodha ana cheti hai, angalizo la mita 2 lilikuwepo, mkataba hauna kipimo cha hewa. Kampuni inalipa. Mgongano ulitokea kwa kutotazama mbele, mawimbi hayakuhusika, na uzembe wa nahodha umo ndani ya bima.

Cheti cha nahodha kilikwisha Machi, tajiri hakujua kwa kuwa hakuwahi kukiomba tena baada ya mwaka wa kwanza. Kama mkataba hauna ahadi ya cheti, tajiri ana nafasi nzuri: kampuni lazima ithibitishe kwamba alijua au alikwepa kujua, na kwamba kuisha kwa cheti ndiko kulikoleta ajali. Nahodha mwenye uzoefu wa miaka 20 hasahau bahari kwa sababu tarehe imepita. Kama ahadi imo na sheria ni ya Kenya au inayofanana nayo, madai yamekufa. Kama ahadi imo na sheria ni ya Uingereza ya sasa, kampuni itasema cheti kinahusu uongozaji na ajali ilikuwa ya uongozaji, kwa hiyo sharti linahusika na hasara. Hoja hiyo ina uzito. Tajiri angekuwa na nafasi bora kama ingekuwa radi.

Usukani ulikuwa kwa kijana asiye na cheti chochote, kwa ruhusa ya tajiri. Hapa bima ya chombo inakwenda na maji, na ya dhima nayo huenda hivyohivyo kwa kuwa mara nyingi ina kifungu kilekile. Jambo linalosahaulika ni kwamba dhima yenyewe haiendi popote. Mwenye mashua bado anadai milioni 6 yake, mwenye mkono bado ana mkono uliovunjika, na benki bado inataka rejesho la mwisho wa mwezi.

Kama kampuni imekataa, omba barua inayotaja namba ya kifungu. Wakala akikuambia kwa mdomo "nahodha hakuwa na karatasi," hujakataliwa bado, umesimuliwa. Kwa kawaida mwenye kudai kwamba kifungu cha kuondoa malipo kimegusa hasara ndiye anayekithibitisha, na barua yenye namba inamlazimisha achague ni kipi: cheti, hewa, au uchakavu. Tanzania, ukishindwana na kampuni, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima bila kuanza na mahakama.

Wakati huohuo usiiache boti mwambani ukingoja jibu. Mkataba unakutaka ujitahidi kupunguza hasara kama mtu asiye na bima angefanya: kuitoa bamvua likija, kuvuta injini iliyobaki, kuisuuza kwa maji baridi kabla chumvi haijaimaliza. Gharama za kazi hiyo zinadaiwa. Boti ikiachwa ipigwe na mawimbi wiki nzima, hasara ya wiki hiyo ni yako.

Na ukibadilisha nahodha katikati ya mwaka, andika. Barua fupi inatosha: jina la chombo na namba ya usajili, jina la nahodha mpya, namba ya cheti chake na tarehe kinapokwisha, tarehe anayoanza. Mpelekee kampuni, si wakala peke yake, na udai kipande cha nyongeza kilichogongwa muhuri kinachobandikwa kwenye mkataba. Wakala akikujibu kwa ujumbe wa simu "sawa bosi nimeiona," utunze ujumbe huo, kisha kesho yake mkumbushe kipande.